Mahamri kwa Kichina

MWANA: Salim, wiki hii sikulala. Mtoto wa dadangu ameniletea insha yake ya kuomba ufadhili China, nimsaidie kuipitia. Aliandika Kiswahili, mwenzake akamtafsiria Kichina.

SALIM: Yule aliyekuwa akibeba beseni la mahamri hadi soko la Kongowea kabla ya shule?

MWANA: Huyo huyo. Kaandika, "Mama huamka saa tisa usiku." Mtafsiri kaweka wanshang jiu dian.

SALIM: Ala! Hiyo ni saa tatu usiku! Watu ndio kwanza wanakula chakula.

MWANA: Nilishtuka kwa sababu sentensi inayofuata inasema adhana ya alfajiri ikamkuta karai lishapoa. Nikabadilisha, lingchen san dian. Mchina atahesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo tisa yetu kwake ni tatu.

SALIM: Basi tuingie mambo yetu matatu ya kipindi cha leo.

MWANA: Ngoja, bado mahamri. Kayaita youtiao.

SALIM: Mbona vizuri? Ni unga wa kukaanga, chakula cha asubuhi, huuzwa barabarani. Msomaji anamwona mama papo hapo.

MWANA: Anamwona mama wa kwao! Youtiao ni vijiti virefu vya chumvi. Hamna tui wala iliki humo. Na mtoto anasema alisoma kwenye mwanga wa jiko huku mikono ikinuka iliki. Ukiitoa iliki, sentensi hiyo inaning'inia.

SALIM: Dada Mwana, kapewa herufi 800. Youtiao ni mbili tu.

MWANA: Nimehesabu. "Mkate wa kukaanga wa tui na iliki" kwa Kichina ni herufi 11. Uiandike mara moja, kisha useme "mkate huo".

SALIM: Na msomaji aliyechoka, ana rundo la insha mezani, utamsimamisha kwa ajili ya iliki?

MWANA: Ndiyo, hapo ndipo nataka asimame! Mtafsiri alishajaza chi ku nailao, kula uchungu na kuvumilia kazi. Herufi nne zinazokubalika na kila mtu, na mtoto hakuzisema. Hizo nimefuta, ndipo nafasi ikaanza kupatikana.

SALIM: Hapo kwenye kufuta niko nawe. Kwenye mahamri, hapana. Shida ya mama ni usingizi wake, si mapishi.

MWANA: Usingizi aliutoa kukanda unga na hamira ili uumuke kabla ya alfajiri. Mapishi ndiyo saa zenyewe.

SALIM: Youtiao nayo huumuka.

MWANA: Kwa tui?

SALIM: Hamira haijui tui, dadangu.

MWANA: Msomaji atajua.

SALIM: Mimi ningeacha youtiao. Na dakika zimekwisha, hata la kwanza hatujaligusa.

MWANA: Hilo la kwanza, maneno shangazi na mama mdogo, tutaliweka wiki ijayo, maana Kichina nacho kinayatenganisha. Mimi usiku huu narudisha tui.

SALIM: Mwambie aniulize na mimi kabla hajatuma.