Baiskeli Moja, Ziada Mbili

(Mhadhara wa jioni mjini Malindi, kama ulivyotolewa)

Asanteni. Leo sina ubao, nina baiskeli tu, na hata hiyo si yangu. Itatuonyesha nani anapata nini pale mnunuzi na muuzaji wanapoafikiana bei.

Tuseme kijana anayefanya kazi hotelini kule Casuarina amesimama mbele ya kibanda cha fundi huku Maweni. Baiskeli imeegemezwa ukutani: Blakmamba, karia madhubuti, kengele haisikiki. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Ile elfu tisa." Kijana anacheka, anainua gurudumu la nyuma na kulizungusha, anasikiliza beringi. "Elfu tano, mzee wangu." Sasa ni zamu ya mzee kucheka.

Kila mmoja ana namba kichwani ambayo hataitamka, mwisho wake wa bei. Kijana ameona baiskeli kama hii mjini kwa 7,500, ila ile ya mjini tairi la nyuma limeisha na jipya ni 500. Kwa hiyo hapa hatalipa zaidi ya 8,000. Na mzee je? Aliinunua 5,000, akatia mnyororo na breki kwa 800. Wengi wenu mmeshajibu kimoyomoyo kwamba hawezi kushuka chini ya 5,800.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Zile 5,800 zimeshatoka mfukoni, hazirudi auze asiuze. Kinachompangia mwisho wake ni kile atakachopata kijana akiondoka. Asubuhi alipita mvuvi akaahidi 5,500, na jioni anarudi na pesa mkononi. Basi mwisho wa mzee ni 5,500.

Wanavutana hadi 6,800. Kijana alikuwa tayari kutoa 8,000, kwa hiyo amebaki na 1,200: hiyo ndiyo ziada ya mnunuzi. Mzee angeridhika na 5,500, amepata 1,300 juu yake: hiyo ni ziada ya muuzaji. Jumla 2,500. Tazameni kwamba faida ya mzee kwenye daftari lake ni 1,000, si 1,300. Faida na ziada ni vitu viwili. Kijana angembana hadi 5,700, daftari lingesema hasara ya 100, na bado mzee angefanya vyema kuuza, maana kwa mvuvi angepata pungufu ya hapo. Muuzaji akikuapia kwamba anauza kwa hasara, huenda anasema kweli na huenda bado umemfaa.

Wangeafikiana 6,000, kijana angepata 2,000 na mzee 500. Jumla ni ile ile 2,500. Maneno yote yale, viapo, kujifanya unaondoka, yanagawa mkate tu, hayaukuzi. Yanaweza kuuangusha mchangani, lakini: kijana akikazania 6,000 kwa ubishi, mzee naye 7,500, wakaachana, baiskeli inamwendea mvuvi kwa 5,500. Mzee hana ziada yoyote, na kijana anakwenda mjini kulipa 7,500 na tairi juu yake.

Utajuaje umekaribia mwisho wa mwenzako? Tazama hatua zake. Mzee alitoka 9,000 hadi 8,000, kisha 7,300, kisha 7,000. Hatua zinafupika. Ni dalili tu, maana fundi mzoefu hujua kuzifupisha mapema.

Sasa tuharibu hesabu. Kijana anapitisha kidole chini ya fremu, pale penye pedali, anakuta uvimbe chini ya rangi mpya. Imechomelewa. Mwisho wake unashuka kutoka 8,000 hadi 6,000. Mvuvi aliuona uvimbe ule na hakujali, kwa hiyo mwisho wa mzee haukusogea. Mkate wa 2,500 umebaki 500. Asingekipitisha kidole, angelipa 6,800 kwa kitu ambacho kwake ni cha 6,000: ziada yake ni hasi 800, ya mzee 1,300. Jumla bado 500.

Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alianza kupima manufaa kwa namna hii mwaka 1844, akiwaza barabara na madaraja. Mimi kipimo chake nakipenda, ila kina upofu wake. Mwisho wa mnunuzi unapimwa kwa anachoweza kutoa, si kwa anavyohitaji. Mama anayeihitaji baiskeli hii kuliko sisi sote, na ana 3,000 tu, kwenye hesabu hii hayupo.

Naam, bwana wa nyuma. Anauliza kuhusu dalali. Turudi kwenye zile 6,800, kabla ya uvimbe: dalali akichukua 300 kwa mzee, mzee anabaki na 1,000, dalali 300, kijana 1,200 yake. Jumla haijapungua, imepata mdomo wa tatu, maadamu jasho la dalali lenyewe hatujalihesabu. Lakini ingekuwa miisho ya wale wawili imepishana kwa 200 tu, halafu dalali anashikilia 300 zake, baiskeli ingebaki pale pale imeegemea ukuta.