Umeota mume wako na mwanamke mwingine, unaamka unamfanyaje?

TUSEKILE: Ugonile msikilizaji, ugonile kaka Amba.

AMBAKISYE: Ndaga dada Tuse. Baridi ya leo hapa Mbeya imenishinda kabisa, nimekuja na makoti mawili.

TUSEKILE: Unajua hiyo "ugonile" tunaitoa kila asubuhi bila kuifikiria, lakini kwa Kinyakyusa ni kama unamuuliza mtu, umelala? Na leo jibu la ukweli kwa watu wengi ni hapana sijalala, nimeota mume wangu yuko na mwanamke mwingine, nimeamka moyo unadunda na yeye yuko hapo pembeni anakoroma.

AMBAKISYE: Na blanketi lote amejifunika yeye.

TUSEKILE: Eee na blanketi lote kalivuta yeye, hapo ndo hasira inapanda kabisa! Sasa kuna dada wa Uyole kaniruhusu nisimulie ya kwake ila jina nisiseme. Anauza chipsi, mume wake ni dereva wa roli, anapakia Dar anapita Tunduma anaenda mpaka Lubumbashi, akikwama kwenye foleni ya mpakani ni siku kadhaa. Dada kaanza kuota mwezi wa tano. Ndoto yenyewe ni ileile, mume amevaa sweta la bluu alilomnunulia yeye pale Mwanjelwa, yuko na mwanamke anacheka nae, na huyo mwanamke sura haionekani. Mara tatu kwa wiki.

AMBAKISYE: Saa ngapi?

TUSEKILE: Alfajiri, saa kumi, saa kumi na moja hivi.

AMBAKISYE: Sawa, hapo kuna kitu. Usingizi wetu unakwenda kwa mizunguko, mzunguko mmoja ni kama dakika 90, na ndani yake kuna kipindi macho yanacheza chini ya kope, hapo ndo ndoto nzitonzito zinapokaa. Mwanzo wa usiku hicho kipindi ni kifupi, kadri kunavyokaribia kukucha kinarefuka. Kwahiyo ukishtuliwa saa kumi alfajiri, iwe baridi, iwe mtoto analia, unaamka katikati ya ndoto na unaikumbuka yote mpaka rangi ya sweta. Halafu muda huo sehemu ya ubongo inayobeba hofu na hasira inafanya kazi sana, ila ile ya mbele inayopima mambo, inayosema hebu subiri hili haliwezekani, imepoa. Ndo maana kwenye ndoto hushangai kwanini huyo mwanamke hana sura.

TUSEKILE: Kwahiyo uchungu ni wa kweli.

AMBAKISYE: Uchungu ni wa kweli kabisa, mwili umeupitia. Tukio ndo halipo. Na mtu akikwambia "aah ndoto tu hiyo lala" anakosea, kwasababu wewe umeshaumia tayari.

TUSEKILE: Mume wake alimjibu hivyohivyo kwenye simu, kacheka, kamwambia lala wewe. Yule dada kakata simu, siku mbili hajapokea. Akirudi anamkuta mke amenuna, chai hapewi, swali anajibiwa neno moja. Yeye hajui kafanya nini! Basi naye anakaa kimya, anatoka anaenda kukaa na wenzie mpaka usiku. Dada anajiambia unaona, anakwenda kwa yule mwanamke.

AMBAKISYE: Hiyo imeshachunguzwa. Mwaka 2014 mtafiti Mmarekani Dylan Selterman na wenzie walitoa utafiti wao, waliwaomba vijana walio kwenye mahusiano waandike ndoto zao kwa wiki mbili, na pia waandike siku zinazofuata walikuwaje na wapenzi wao. Wakiota usaliti, siku zinazofuata ukaribu unapungua. Sasa angalia dada Tuse, mwenzio hajafanya kitu, ila ndoto yako wewe inakupoza wewe, halafu ubaridi wako unamsogeza mwenzio mbali, halafu ule umbali unausoma kama ushahidi.

TUSEKILE: Ndo ilivyokuwa hasa. Akaenda kwa mtu anayetafsiri ndoto, akaambiwa huyo mwanamke ni mweupe na anaishi njia ya roli. Mi nasali, naamini Mungu anaweza kusema na mtu hata usingizini, lakini jamani, Dar mpaka Lubumbashi utakosa mwanamke mweupe? Hilo jibu ni baya kwasababu halina mwisho, kila mwanamke mweupe sasa ni mtuhumiwa. Akaanza kumpigia utingo wa mume wake, bosi wako yuko wapi, yuko na nani. Utingo si akamwambia bosi wake! Mume akarudi amefedheheka, hasemi.

AMBAKISYE: Na simu ya mume aliishika?

TUSEKILE: Alishika akiwa ameenda kuoga. Hakukuta kitu. Unajua alisemaje? Alisema "amefuta".

AMBAKISYE: Hapo ndo nataka tukae kidogo. Hofu ya moyoni na shaka ya kweli, mtu anazitofautishaje, mi naona jibu liko hapohapo. Hofu haishibi. Unakagua hukuti kitu, unapata nafuu saa moja, halafu unakagua tena, mpaka kukosa kitu kunageuka kuwa kitu. Shaka ya kweli ina tabia nyingine, ina jambo unaloweza kulitaja mchana ukiwa umetulia, tarehe hii alisema yuko Makambako kumbe alikuwa Mafinga, hela ya mwezi huu imepungua na haielezeki. Ukijibiwa vizuri inaisha, ukijibiwa hovyo inakua.

TUSEKILE: Mi nilichomwambia chukua daftari la madeni ya chipsi, geuza ukurasa wa nyuma, chora mstari katikati. Kushoto andika ulichoota au ulichohisi, kulia andika ulichoona kwa macho au kusikia kwa masikio. Usiandike alfajiri, andika baada ya chai. Wiki mbili. Kushoto kukajaa mpaka chini, mwanamke, sweta, kicheko, utafsiri wa yule mtu, wivu kwa sababu jirani yake aliachwa mwezi wa nne...

AMBAKISYE: Ahaa, jirani aliachwa mwezi wa nne, ndoto zikaanza mwezi wa tano.

TUSEKILE: Hakuwahi kuviunganisha mpaka alipoandika! Sasa kulia kulikuwa na mstari mmoja tu. "Tangu mwezi wa tano simu anazima kuanzia saa mbili usiku, zamani hazimi."

AMBAKISYE: Hicho ndo cha kuongea.

TUSEKILE: Hicho tu. Ila wapi na saa ngapi? Sio saa kumi alfajiri umemtingisha begani. Sio kwa meseji. Na sio kumpigia akiwa anashuka Kitonga na tani thelathini mgongoni, hilo naomba kwa roho yangu yote, akina mama muda huo msiwapigie kuwagombeza. Alimsubiri amerudi, amelala usiku mzima, amekula. Jioni wakakaa jikoni wanamenya viazi vya kesho, ndoo katikati. Mi napenda hivyo, mikono ina kazi, hamkodoleani macho kama mko kituoni. Akasema, nimemuomba anirudie maneno nikayaandika: "Baba Neema, nimekuwa naota vibaya na nimekununia bila kukwambia, hilo ni langu, na utingo wako sikutakiwa kumpigia. Ila kuna kitu kimoja nimekiona sio ndotoni. Tangu mwezi wa tano usiku simu yako inazimwa. Naomba uniambie kwanini."

AMBAKISYE: Hajamtuhumu, hajamtega. Maana kuna wale wa "jana ulikuwa na nani?" na jibu analo mfukoni.

TUSEKILE: Na akanyamaza! Hiyo ndo ngumu. Anasema mume alimenya viazi kama vinne hivi hajasema neno, maganda manene anakata na kiazi chenyewe. Halafu kikatoka. Alipasukiwa tairi mbili safari ya mwezi wa tano, tajiri akamwambia ni uzembe wako utalipa, akaenda kukopa kwa watu wa kausha damu. Deni limezaa. Wanampigia usiku, wanamtukana, ndo maana anazima.

AMBAKISYE: Kumbe kulikuwa na siri.

TUSEKILE: Siri ilikuwepo! Alivyohisi kuna jambo hakukosea, alivyodhani ni mwanamke ndo alikosea. Na hakuishia kwenye maneno, mume mwenyewe alifungua simu akamuonyesha zile meseji za vitisho na karatasi ya mkopo yenye tarehe.

AMBAKISYE: Mi naheshimu kwamba alitoa mwenyewe. Kuporwa simu na kufungua simu ni vitu viwili tofauti. Lakini niulize upande mwingine dada Tuse, na kama jibu lingekuwa ni mwanamke? Au angefoka tu, akakataa kujibu?

TUSEKILE: Hapo ndoto inawekwa pembeni, mnaongea afya kwanza. Sisi wa nyanda za juu hatuwezi kujifanya hatujui. Utafiti wa VVU wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Kwahiyo ukiwa na shaka yenye jambo la kutaja, nendeni mkapime wote wawili, na mrudie baada ya miezi mitatu kwasababu maambukizi mapya kabisa yanaweza yasionekane kwenye kipimo cha kwanza, na hapo katikati ni kondomu. Na hata huyu dada, pamoja na karatasi ya mkopo, walienda wakapima. Sio kwa kukomoana, aliomba tu, mume akakubali.

AMBAKISYE: Na mimi niseme kwa wanaume wenzangu maana wanaoota ni sisi pia. Ukiota mke wako, usiamke ukampige, usimfungie simu, usimkataze kwenda sokoni. Kuna wivu unaotoka kwenye mstari, mtu ana uhakika wa asilimia mia na hana hata kitu kimoja cha upande wa kulia wa lile daftari, ananusa nguo, anafuatilia, mara nyingi na pombe iko nyingi. Huo unahitaji daktari wa akili, hospitali ya mkoa pale waulizeni. Na dada kama unapigwa kwasababu ya ndoto za mtu, hapo sio pa kumenya viazi na kuongea, nenda dawati la jinsia polisi au ustawi wa jamii.

TUSEKILE: Kabisa, na uende na mtu. Usiende peke yako.

AMBAKISYE: Na ndoto zenyewe, ziliisha?

TUSEKILE: Hazijaisha. Wiki iliyopita kaota tena, sweta lilelile. Ila anasema sasa akiamka anamgusa mume kama yupo, kama yuko safari anasubiri kukuche anamtumia meseji "nimeota tena lile la sweta, ukisimama nipigie". Na mume akisimama Makambako anapiga. Hacheki tena, anauliza, "hii mara nilikuwa nimekwenda wapi?"

AMBAKISYE: Na deni?

TUSEKILE: Limebaki laki mbili na nusu. Wanalipa wote, lipo kwenye lile daftari la chipsi, ukurasa wa mbele.