Chaja ikipata moto: uiache au uichomoe?

Shikamooni wazee, na nyie wengine mambo vipi. Mimi ni fundi simu, sina mambo mengi, nimekuja na hii chaja tu. Kila siku dukani mtu ananiambia fundi chaja yangu inachemka, nami namuuliza hivi, inachemka wapi na saa ngapi? Maana joto lenyewe sio ugonjwa.

Angalieni hapa pameandikwa 5V 2A. Tano mara mbili, wati 10, ndio inazopeleka kwenye simu. Ukutani umeme unakuja na volti 230, kwa hiyo humo ndani kuna kazi, umeme unanyooshwa kwanza, halafu kuna transista inauwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde, unapita kwenye katransfoma kadogo ndio unatoka volti 5. Kazi hiyo haifanyiki bure. Tuseme chaja ya kawaida kwenye kila wati 100 inakupa 80, basi ili itoe 10 lazima ivute 12.5, na zile 2.5 zinabaki humo kwenye kiboksi kama joto. Ndio uvuguvugu unaousikia mkononi. Simu ikiwa na asilimia 10 inavuta sana, chaja inapata moto, ikikaribia kujaa inavuta kidogo, chaja inapoa. Ikifanya hivyo, ukaishika mkononi ukatulia bila kuhangaika, iache.

Sasa toa simu, iache chaja peke yake ukutani nusu saa, uje uishike. Hizi nyepesi za siku hizi zinatakiwa ziwe karibu baridi kabisa, kwa sababu hakuna kazi. (Zile nzito za zamani zenye transfoma ya chuma zilikuwa na kajoto hata bila simu, hizo tuziache.) Ukikuta ni ya moto na haina simu, ujue kuna kitu ndani kinakula umeme, kapasita inayotunza umeme imechoka au transista inavujisha, na hiyo sio ya kurudisha ukutani. Vilevile ikinuka plastiki, ikilia kasauti kembamba ambacho zamani hakikuwepo, ikivimba, au imekuwa moto mpaka huwezi kuihesabia sekunde tano mkononi. Zima swichi kwanza, iache ipoe, ndio uchomoe. Na usiifungue uone kilichomo, kuna kapasita inabeba volti 300 na zaidi na inaweza kubaki na umeme hata ukishachomoa, mimi mwenyewe ilinipiga nikiwa najifunza, mkono ukafa ganzi.

Ila kesi nyingi ninazozipata sio za kiboksi, ni za kichwa cha waya, kile kinachoingia kwenye simu. Kuna mama anauza juisi, alikuja na kichwa kimekuwa cha kahawia na plastiki imelegea kama imepitishwa kwenye mshumaa. Alishanunua chaja mpya, na ile mpya nayo ikaanza hivyohivyo, akasema chaja zote feki. Nikamulika tundu la simu, limejaa vumbi na utomvu wa juisi, kapini kamoja keusi. Hapo hesabu ya joto ni ampea mara ampea mara ukinzani, yaani vile mguso unavyouzuia umeme usipite. Mguso mzuri ukinzani wake ni mdogo mno, ila huo uchafu ukifikisha robo omu tu, mbili mara mbili mara robo, unapata wati 1. Mtasema wati 1 ni nini, lakini ile ya kiboksi ilitawanyika kwenye kiganja kizima, hii imekaa sehemu ndogo kuliko punje ya mchele, haina pa kwenda, inayeyusha. Na dalili yake ya kwanza ilikuwa simu kuchaji polepole, wala sio moto. Nikasafisha tundu simu ikiwa imezimwa, nikampa waya mpya, kile kiboksi chake cha kwanza anakitumia mpaka leo.

Upande wa ukutani ni hadithi nyingine. Chaja ya simu inavuta pale kama sehemu moja ya kumi ya ampea, haiwezi kuchemsha miguu yake yenyewe. Ukiona miguu ina weusi, au soketi ya ekstenshen ni ya moto, mtuhumiwa ni ekstenshen iliyolegea, na mara nyingi kuna pasi au birika la umeme limechomekwa hapohapo. Birika la wati 2000 linavuta karibu ampea 9, zinapita kwenye bati lililolegea. Ukibadilisha chaja hapo umepoteza hela, badilisha ekstenshen.

Naona kijana ameinua mkono. Anauliza je, nikiweka chaja na simu chini ya mto? Zile wati 2.5 zinapoa kwa sababu hewa inazichukua, sasa umezifunika na godoro na blanketi, zinatoka wapi? Chaja nzima kabisa itapanda joto mpaka ifanane na mbovu, na simu nayo hapo pembeni ina betri inayochukia joto. Simu weka juu ya sakafu au meza, na chaja ibaki wazi ukutani, hata ukilala.