"Nilikosea wapi?" Kikao kuhusu Ayubu na mama aliyefiwa na mtoto

FURAHA: Haya karibuni tena, mimi ni Furaha, niko na Pasta Kazungu hapa Mikindani, mvua imenyesha tangu alfajiri kwahivyo mkisikia bati linapiga kelele mtusamehe. Pasta, leo sitaki tuanze mbali, nataka tuanze na ile sauti tuliyotumiwa wiki iliyopita.

KAZUNGU: Yule mama wa Changamwe.

FURAHA: Huyo. Alituruhusu tueleze bila jina. Anauza viazi karai na mahamri jioni, mtoto wake wa kiume alikuwa na selimundu, wengi hapa Pwani mwaijua kama siko sel, alifariki mwezi wa tatu akiwa na miaka 9. Na swali lake halikuwa "kwa nini Mungu". Alisema, Furaha, nilikosea wapi? Yaani ameshajihukumu, sasa ataka tu ajue kosa ni gani.

KAZUNGU: Mimi nlienda kwake Jumanne. Ana kopo la siagi pale juu ya kabati, akanifungulia, ndani mna zile tembe ndogo za manjano za foliki alizokuwa akimpa mtoto, zilizobaki. Hajui azifanyie nini. Hazitupi na hawezi kuziangalia. Nikakaa na lile kopo mkononi nisijue la kusema, na mimi kusema ndio kazi yangu.

FURAHA: Na hiyo "nilikosea wapi" haikutoka kwake, pasta. Kwenye matanga kuna mtu wa kanisa alimwambia achunguze nyumba yake, kuna mlango umefunguliwa, pengine agano la mababu ama dhambi imefichwa. Mwengine akamwambia hakuwa na imani ya kutosha, mama aliyekuwa anaamka saa nane usiku kumkanda mtoto magoti na chupa ya maji ya moto!

KAZUNGU: Hapo ndipo mimi nataka tusimame, kwasababu hayo maneno ni ya zamani sana na Biblia inayajua. Yohana sura ya 9, wanafunzi wanamuona mtu kipofu tangu kuzaliwa wanamuuliza Yesu, nani alifanya dhambi, yeye ama wazazi wake? Yesu akawaambia si yeye wala si wazazi wake. Yaani lile swali lenyewe akalikataa.

FURAHA: Na kwa huyu mama hilo la wazazi linauma zaidi, kwasababu selimundu kweli inatoka kwa wazazi.

KAZUNGU: Eeh, na tuliseme sawasawa. Baba ana nakala moja ya chembe ya urithi ya selimundu, mama ana moja, wote wazima, hawaumwi hawajui. Kila mimba nafasi ni moja kwa nne kwamba mtoto atapata zote mbili augue. Wakipata watoto wanne haimaanishi mmoja lazima awe mgonjwa, kila mimba inaanza upya. Na wajua kwa nini iko nyingi Pwani? Mwenye nakala moja malaria kali haimshiki kirahisi, kwahivyo kwa miaka mingi mahali penye mbu waliokuwa nayo walipona wakazaa. Ndio maana nikimuuliza huyo aliyesema mlango umefunguliwa, ni mlango gani? Kitu kilichowaokoa mababu ndicho hicho kilichomuua mtoto.

FURAHA: Lakini pasta, hilo nalo si jibu kwa mama. Ukimwambia mtoto wako alikufa ili wengine wapone malaria...

KAZUNGU: Usimwambie kabisa! Hiyo inaeleza ugonjwa ulikotoka, inamuondolea lawama, basi. Haimwambii kwa nini yeye, kwa nini mwezi wa tatu. Na hata ile Yohana 9 watu wanaitumia vibaya, wanachukua yale maneno ya "kazi za Mungu zidhihirishwe" wanamwekea mtu kwenye kidonda. Yule kipofu aliona. Huyu mtoto hakupona. Tusijifanye ni hadithi moja.

FURAHA: Sasa twende kwa Ayubu, yule aliyepoteza mali na watoto wake wote, maana wengi wakisema Ayubu wanaruka mpaka mwisho, alirudishiwa mara mbili, shangwe.

KAZUNGU: Mwisho wenyewe hawausomi vizuri. Hebu hesabu na mimi. Mwanzo ana kondoo 7,000 na ngamia 3,000. Mwisho kondoo 14,000, ngamia 6,000. Mifugo imekuwa maradufu. Watoto je? Mwanzo wana 7 na binti 3. Mwisho wana 7 na binti 3. Hawakuongezwa mara mbili. Mimi naona mwandishi alijua ng'ombe analipwa kwa ng'ombe lakini mtoto halipwi. Wale kumi walioangukiwa na nyumba hawakurudi, na hakuna mahali pameandikwa Ayubu aliwasahau.

FURAHA: Hiyo sikuwahi kuiona, na nimesoma Ayubu mara ngapi.

KAZUNGU: Halafu wale rafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Walipokuja walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila neno, kwasababu waliona maumivu yake ni makubwa. Hapo walikuwa sawa kabisa. Shida ilianza walipofungua midomo. Elifazi anamuuliza ni nani asiye na hatia aliyewahi kuangamia, Bildadi anamwambia kama watoto wako walikosa basi Mungu amewalipa. Anamwambia baba aliyezika watoto kumi! Na wote watatu wanamtetea Mungu, maneno yao ukiyaandika ukutani ni mazuri.

FURAHA: Na Ayubu anawajibu kwa hasira, anailaani siku aliyozaliwa, anamdai Mungu waonane uso kwa uso.

KAZUNGU: Sasa sura ya 42 aya ya 7, Mungu anamwambia Elifazi, hasira yangu inawaka juu yako na wenzako wawili, hamkunena yaliyo sawa juu yangu kama mtumishi wangu Ayubu. Ayubu aliyelia ndiye alinena sawa! Kweli Mungu alimuuliza Ayubu maswali mazito kutoka kwenye upepo, na Ayubu akanyamaza, lakini hakumwambia umeteseka kwa dhambi hii. Na hakumpa sababu. Ile habari ya mwanzoni, ya Shetani kuruhusiwa amjaribu, mimi na wewe twaisoma, Ayubu hakuambiwa hata siku ya mwisho.

FURAHA: Kwahivyo mama, ukitusikia, pasta hana sababu ya kukupa na mimi sina. Kosa ulilokuwa watafuta, halipo. Na ukitaka kumuuliza Mungu kwa sauti, uliza, Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani na bado wameiweka ndani ya Biblia, hakuna aliyeipaka rangi mwishoni.

KAZUNGU: Na wanaosikiliza, kuna aya moja, 42:11. Baada ya yote, ndugu zake na waliomjua wanakuja nyumbani kwake, wanakula chakula naye, wanamlilia, kila mtu anampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Mchango wa matanga huo. Na wanakuja wakati Mungu ameshamgeuzia hali yake, bado wanamlilia.

FURAHA: Mwezi wa tatu matanga yalijaa. Sasa wanaopita pale ni wateja wa viazi.

KAZUNGU: Mimi Jumamosi narudi. Na mke wangu, atamsaidia kumenya viazi, mimi nitabeba unga. Kuhusu lile kopo sitamwambia alitupe wala aliweke, akitaka tulishike pamoja tutalishika.

FURAHA: Nipitieni mimi stejini saa tisa, twende wote.