Mwaka wenye vichwa viwili: kwa nini Wayahudi huanza mwaka wakati wa vuli

Shikamooni wazee, na habari za jioni kwenu nyote. Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Mwanangu, hawa Wayahudi mwaka wao mpya ni Septemba, lakini Biblia inasema mwezi wa kwanza ni ule wa Pasaka. Sasa lipi ni lipi?" Nimemwambia aketi, kwa maana swali lake ndilo mhadhara wenyewe.

Fungueni Kutoka 12. Kabla Waisraeli hawajatoka Misri wanaambiwa kwamba mwezi ule ndio utakaokuwa wa kwanza kwao. Katika sura inayofuata unaitwa Abibu, na baadaye ukaitwa Nisani. Huangukia Machi au Aprili. Kuanzia hapo miezi inahesabiwa: Iyari, Sivani, Tamuzi, Avi, Eluli, kisha wa saba, Tishri. Baada yake Heshvani, Kislevu, Tebethi, Shebati na Adari. Sasa nendeni Walawi 23. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba ni ya kupumzika na kupiga baragumu. Haisemwi popote pale kwamba siku hiyo ni mwaka mpya. Lakini siku hiyohiyo, mosi Tishri, ndiyo leo inayoitwa Rosh Hashana, na ndipo tarakimu ya mwaka inapobadilika. Septemba 2025 ilipobadilika ukaingia mwaka 5786. Kwa hiyo mwaka unabadilika mwezi wa saba. Ukimwambia mtu hivi bila kumweleza, atadhani umekosea hesabu.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliliona jambo hili, na halikuwasumbua hata kidogo. Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilika yapata mwaka 200 BK, inasema wazi kwamba miaka mipya ni minne. Mosi Nisani ni ya wafalme na sikukuu: mfalme akitawazwa mwezi wa Adari, siku chache tu kabla, Nisani ikiingia anaanza kuhesabiwa mwaka wa pili. Mosi Eluli ni ya zaka ya mifugo. Mosi Tishri ni ya miaka yenyewe, ya mwaka wa saba ambao shamba hupumzishwa, ya yubile na ya mboga. Na mwezi wa Shebati una mwaka mpya wa miti. Sisi tusishangae sana. Serikali zetu zinafungua mwaka wa fedha mosi Julai, na hakuna anayempigia waziri fataki usiku wa tarehe 30 Juni.

Lakini hilo linatuambia tu kwamba mianzo ni mingi. Halituambii kwa nini ule wa Tishri ndio uliobeba jina la mwaka mpya. Jibu liko shambani.

Mwaka 1908 mwanaakiolojia Macalister alikuwa akichimba mji wa kale wa Gezeri, kati ya Yerusalemu na pwani. Kikapatikana kibao cha jiwe la chokaa chenye maandishi, kidogo hata unaweza kukishika kwa mkono mmoja. Leo kiko Istanbul, kwa sababu wakati ule nchi ilikuwa chini ya Waturuki. Kinakadiriwa kuwa cha karne ya 10 KK, na wataalamu bado wanabishana kama lugha yake ni Kiebrania au Kifoinike. Kinachosema ni kifupi: miezi miwili ya kukusanya mavuno, miezi miwili ya kupanda, miezi miwili ya kupanda kwa kuchelewa, mwezi wa kitani, mwezi wa kuvuna shayiri, mwezi wa kuvuna na kupima, miezi miwili ya mizabibu, mwezi wa matunda ya kiangazi. Jumlisheni, mtapata 12.

Angalieni orodha inapoanzia. Haianzi na Pasaka, wala haianzi katikati ya baridi. Inaanza na kukusanya mavuno, yaani Septemba na Oktoba. Aliyeandika kibao kile hakuwa akibishana na Kutoka 12. Alikuwa akiandika mwaka wa mkulima jinsi ulivyo.

Na mwaka wa mkulima wa nchi ile una umbo moja ambalo halikwepeki. Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua hainyeshi kabisa, au karibu kabisa. Si kama kwetu ambako hata kiangazi kinaweza kukuangushia manyunyu. Ardhi inakauka, inapasuka, jembe haliingii. Shayiri imeshavunwa Aprili, ngano Mei na Juni, zabibu na tini zimeiva kiangazi kizima. Zeituni ndizo za mwisho. Ghala likishajaa, hakuna kilichobaki nje ila kungoja wingu. Oktoba au Novemba mvua ya kwanza inaanguka, udongo unalainika, na mtu anatoka na mbegu. Miezi hiyo ni ileile ya vuli yetu ya pwani, ila kwao mvua hiyo ndiyo inayofungua msimu wote, na itaendelea kwa vipindi mpaka Machi au Aprili.

Basi hapo kati ya ghala lililojaa na mbegu ya kwanza pana mpaka halisi. Mwaka mmoja umekwisha, mwingine haujaanza. Hata Torati inajua mpaka huo. Kutoka 23 inaitaja Sikukuu ya Kukusanya Mavuno na kusema ni mwisho wa mwaka, wakati sura ya 12 ya kitabu hichohicho imeshaweka mwanzo wa miezi kwenye Pasaka. Maoni yangu ni kwamba hesabu ya masika ya Nisani ilikuwa kumbukumbu ya ukombozi na utaratibu wa hekalu, na hesabu ya vuli ilikuwa ya shamba na ya kale zaidi. Wapo wasomi wanaoipanga historia hiyo kwa namna nyingine, lakini kwamba zote mbili zilitumika, hilo limo katika maandiko yenyewe.

Majina ya miezi nayo yana hadithi. Kabla ya Wayahudi kuhamishwa Babeli, miezi iliitwa kwa namba, na michache ina majina ya Kikanaani: katika 1 Wafalme mnakuta Zivu, Buli na Ethanimu, huo wa mwisho ukiwa mwezi wa saba. Nisani, Tamuzi, Tishri na wenzao walitoka Babeli pamoja na watu waliorudi, na Talmudi ya Yerusalemu, kitabu cha walimu wao cha kuifafanua Mishna, inalikiri hilo bila aibu. Ndiyo maana Tamuzi, jina la mungu wa Babeli, limekaa katikati ya kalenda ya watu wa Mungu mmoja. Waarabu wa Shamu nao wana Nisani, Tamuzi, Eluli na Tishrini mpaka leo, ila kwao ni miezi ya jua.

Sasa Januari. Katikati ya baridi, nchi ile iko katika kilele cha mvua. Ngano ni majani mabichi. Hakuna kinachokwisha na hakuna kinachoanza. Mosi Januari tuliipata kwa Warumi, ambao kuanzia mwaka 153 KK walifanya siku hiyo kuwa ya makonsuli, watawala wao wa mwaka mmoja mmoja, kushika madaraka. Ni tarehe ya ofisi. Katika ile miaka mipya minne ya Mishna, unaokaribia baridi ni ule wa miti tu, 15 Shebati, unaoangukia Januari au Februari. Na Talmudi inatoa sababu: kufikia hapo mvua nyingi ya mwaka imekwisha kunyesha. Hata mwaka mpya wa baridi wanaupima kwa mvua.

Mtaniuliza: ikiwa miezi yao ni ya mwandamo kama ya Kiislamu, mbona Tishri haitembei? Ramadhani tumeifunga kwenye joto na tumeifunga kwenye masika, kwa sababu miezi 12 ya mwezi ni siku 354 hivi na inarudi nyuma siku 11 kila mwaka. Wayahudi wangeacha hivyo, Pasaka ingefika siku ambayo hakuna shayiri ya kutolewa, na Sikukuu ya Vibanda, ndiyo ile ya Kukusanya Mavuno, ingefika kabla ya mavuno. Kwa hiyo katika kila miaka 19, miaka saba huongezewa mwezi mzima. Unaongezwa Adari, ukawa Adari wa kwanza na wa pili, kwa sababu Adari ndio mlango wa Nisani. Zamani baraza la wazee liliangalia shayiri, matunda ya miti na mwendo wa jua kabla ya kuamua. Baadaye ikawa hesabu iliyopangwa.

Tuifuate kwa miaka mitatu. Rosh Hashana ya 5786 ilikuwa Jumanne, 23 Septemba 2025, na kama siku zote iliingia jioni ya kuamkia siku hiyo. Mwaka huo ni wa siku 354, kwa hiyo 5787 inaingia Jumamosi, 12 Septemba 2026. Imerudi nyuma siku 11. Ukiongeza mwaka mwingine wa miezi 12, ungekuwa mwanzoni mwa Septemba 2027, na Pasaka iliyotangulia ingekuwa Machi 23, mapema mno kwa shayiri. Lakini 5787 ni mwaka wa 11 katika mzunguko wa 19, nao ni mmoja wa ile saba. Unapewa Adari mbili na kuwa na siku 385. Pasaka inasogea hadi 22 Aprili 2027, na 5788 inaingia Jumamosi, 2 Oktoba 2027. Toka siku ya kwanza ya Pasaka mpaka Rosh Hashana ni siku 163 kila mwaka, bila kubadilika. Kichwa cha masika kikisogezwa, cha vuli kinafuata.

Ndiyo maana Rosh Hashana, katika kizazi chetu, haitoki nje ya 5 Septemba, kama ilivyokuwa 2013, na 5 Oktoba, kama ilivyokuwa 1967. Kamba imefungwa, ila si ya chuma. Wastani wa mwaka wao ni siku 365.2468, na wa jua ni 365.2422. Tofauti hiyo ni dakika sita na ushee kwa mwaka, na kwa miaka 216 hivi inakuwa siku nzima. Sikukuu zinateleza mbele polepole, na baada ya maelfu ya miaka Pasaka itakuwa imeingia kiangazi na Tishri itakuwa imepita mvua ya kwanza. Kurekebisha kungehitaji baraza lenye mamlaka juu ya Wayahudi wote, kama lile la zamani, na baraza hilo halipo.

Mzee wangu pale mbele, naona mkono wako uko juu tena. Karibu.