Milioni Moja na Laki Sita ya Nani? Kumjibu Afisa Ajira Anayeomba CV na Mshahara

(Mhadhara kwa wahasibu vijana, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, habari za jioni. Mwenyekiti amenipa muda mfupi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Umekaa ofisini, simu inalia, kuna barua pepe kutoka kwa afisa ajira. Ina mistari miwili tu: “Tafadhali tutumie CV yako mpya pamoja na matarajio yako ya mshahara.” Wengi wetu tunahangaika na CV siku mbili, tunapanga mistari, tunabadili rangi. Kwenye mshahara tunaandika tarakimu moja kwa sekunde tano. Mimi nimekaa upande wa kulipa mishahara kwa muda mrefu, na nawaambia hizo sekunde tano ndizo ghali.

Tuchukue mhasibu mmoja wa kufikirika. Mshahara wake kwenye mkataba ni shilingi 2,000,000, wote ni mshahara wa msingi. Alisoma kwa mkopo na bado anaulipa. Kila mwezi NSSF inachukua asilimia 10, yaani 200,000. Zinabaki 1,800,000, na hizo ndizo zinazokatwa PAYE. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, anayevuka milioni moja hulipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kilichozidi milioni. Kwake hiyo ni 368,000. Halafu Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hapa angalieni: inahesabiwa kwenye zile 2,000,000 zote, si kwenye kilichobaki. Laki tatu hizo zimekwenda. Mkononi zinamfikia 1,132,000.

Sasa huyu bwana akilala, akiamka, akienda dukani, mshahara wake kichwani ni “milioni moja na kidogo”. Anataka apande. Anajiambia, nikipata milioni moja na laki sita nitapumua. Anamjibu afisa ajira: “Matarajio yangu ni 1,600,000.” Basi. Hakuongeza neno.

Afisa ajira anasoma nini? Yeye bajeti yake imeandikwa kwa mshahara ghafi, kabla ya makato. Mkataba utaandikwa hivyo hivyo. Hajui kama una mkopo, wala si kazi yake kujua. Kwa hiyo anaandika kwenye jedwali lake: 1,600,000 ghafi. Mwenzetu ameomba kupunguziwa laki nne na barua ameituma mwenyewe, kwa adabu zote. Na kosa hili halipigi kelele. Hakuna atakayempigia kumuuliza, “Kaka, una hakika?” Atakayeliona ni yeye, siku anapopewa mkataba asaini, na wakati huo kurudi nyuma ni aibu na mara nyingi nafasi inapotea.

Kwa hiyo hesabu inafanywa kutoka mkononi kurudi juu. Kwa mtu wa aina hii, mwenye NSSF, PAYE ya ngazi ya juu na mkopo, kila 100,000 inayoongezwa kwenye mkataba inamletea 48,000 tu. Asiye na mkopo inamletea 63,000. Ukitaka 1,600,000 iingie mkononi na mkopo unaendelea kukatwa, mkataba unatakiwa usome 2,975,000. Najua, kuna mtu hapo mbele ameguna. Karibu mara mbili. Pigeni wenyewe: NSSF 297,500, PAYE 631,250, mkopo 446,250, kinachobaki ni 1,600,000 kamili. Wa Zanzibar mna ZSSF na viwango vyenu, fomula yangu msiibebe kama ilivyo.

Ukishaipata namba hiyo, izungushe iwe 3,000,000, ndipo uandike. Barua yenyewe ni fupi hivi:

*Mada: CV na matarajio ya mshahara, nafasi ya Mhasibu Mwandamizi*

*Habari za asubuhi Bi. ……,*

*Asante kwa kuwasiliana nami kuhusu nafasi ya Mhasibu Mwandamizi. Naambatisha CV yangu ya sasa.*

*Matarajio yangu ni mshahara wa shilingi 3,000,000 hadi 3,300,000 kwa mwezi kabla ya makato, nikizingatia pia bima ya afya na posho zitakazokuwepo. Ningeshukuru kufahamu kiwango kilichotengwa kwa nafasi hii.*

*Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe notisi ya siku 28. Kwa mazungumzo ya simu napatikana baada ya saa kumi na moja jioni.*

*Wako,*

Jina, namba ya simu, kwisha. Kama yeye amekuandikia kwa Kiingereza, mjibu kwa Kiingereza. Mpangilio ni ule ule.

Maneno matatu, “kabla ya makato”, ndiyo roho ya barua hii. Na ile 3,000,000 ya chini, iandike ukijua kwamba ndiyo itakayosikika. Ukisema kati ya milioni mbili na nusu na tatu na nusu kwa kudhani unaacha nafasi ya mazungumzo, umeshauza kwa mbili na nusu. Kiwango cha chini kiwe kile utakachosaini bila kinyongo.

Ameuliza matarajio, hakuuliza unalipwa ngapi sasa. Usiambatishe hati ya mshahara ambayo hujaombwa. Akiiomba baadaye mtaongea, lakini ikitangulia, namba yako mpya itapimwa kwa ile ya zamani badala ya kupimwa kwa kazi.

Siku 28 sikuziokota. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaziweka kuwa kiwango cha chini cha notisi kwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini. Mkataba wako unaweza kudai zaidi, kwa hiyo usome kabla ya kuahidi tarehe.

CV nitaipitia haraka. Itume kwa PDF, jina la faili liwe kama `CV_JinaLako_Mhasibu.pdf`, maana yeye ana mafaili chungu nzima yanayoitwa `CV mpya final`. Hakikisha kazi ya sasa imo na namba ya simu ndiyo unayoitumia. Vyeti vyote tangu cha darasa la saba, vilivyopigwa picha mezani, viache nyumbani mpaka viombwe.

Dada pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: akijibu kwamba bajeti yao ni 2,400,000, nifanyeje?

Swali zuri, na tunalo jibu la hesabu. Kwa mhasibu wetu, 2,400,000 inamwachia mkononi 1,324,000. Amepanda kwa 192,000 kutoka alipo. Je, ofisi mpya iko mbali, nauli itakula ngapi? Bima inabeba watoto au yeye peke yake? Hayo ndiyo ya kuuliza kwenye barua ya pili, kabla ya kusema ndiyo au hapana. Na kama sehemu ya hizo fedha itaandikwa kama posho, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi tu, kwa hiyo mkononi itaongezeka kidogo. Mwombe mchanganuo wa mshahara wa msingi na posho, kwa maandishi. Kaka wa shati la bluu, swali lako.