Aliyezushiwa Kifo na Aliyemzushia

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nitazungumzia jambo moja tu leo: klasta yenye mashine 1,000 inajuaje kwamba moja imekufa, na hakuna msimamizi anayezihesabu?

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni ya kuweka mashine moja iwe mlinzi, na nyingine zote ziripoti kwake kila sekunde. Inafanya kazi mpaka siku swichi ya mlinzi inapokatika. Hapo mlinzi haoni mtu, na anatangaza kwamba klasta nzima imekufa ilhali iko salama. Basi mtu anasema, tumwondoe mlinzi, kila mashine iripoti kwa zote. Piga hesabu: mashine 1,000, kila moja inatuma ujumbe 999 kwa sekunde. Ni ujumbe 999,000 kila sekunde, na ukiongeza mashine mara mbili, mzigo unakua mara nne.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Das, Gupta na Motivala, walichapisha itifaki waliyoiita SWIM. Wazo lake lote limo kwenye kitu mnachokifanya kila siku, kupiga hodi. Kila sekunde, kila mashine inachagua mwenzake mmoja na kumpigia hodi. Kwenye mtandao inaitwa `ping`. Akiitika, yaani akirudisha `ack`, basi, unangoja sekunde ijayo. Katika klasta nzima hizo ni hodi 1,000 na maitikio 1,000. Kwa wastani kila mashine inapiga hodi moja na kupigiwa moja, ziwe 100 au 10,000.

Mtauliza, kama kila mmoja anachagua kwa bahati, maiti si itakaa siku nzima bila kubishiwa mlango? Uwezekano wa watu 999 wote kumruka mtu mmoja katika sekunde moja ni kama asilimia 37. Kwa hiyo asilimia 63 ya vifo vinakutana na hodi ndani ya sekunde ya kwanza, na wastani ni sekunde 1.6 hivi. Na ili asiwepo wa kusahaulika, mashine haichagui kwa bahati tupu: inachanganya orodha yake, inaipitia yote mpaka mwisho, halafu inaichanganya upya.

Sasa tuseme mashine A imempigia hodi B, na nusu sekunde imepita kimya. A haijasema kitu bado. Huenda njia ya kati yao tu ndiyo mbovu. Kwa hiyo A inawaomba wenzake watatu: nendeni mkampigie B hodi kwa niaba yangu. Hiyo ndiyo `ping-req`. Mmoja tu akirudi na jibu, B yu hai. Wakirudi mikono mitupu, A inatangaza kwamba B anashukiwa. Anashukiwa, hajatangazwa kufa.

Habari hiyo inasambaa kama umbea mtaani. Katika SWIM haitumiwi magari yake yenyewe, inadandia hodi na maitikio yanayopita tayari. Maktaba ya memberlist ya kampuni ya HashiCorp, iliyo ndani ya programu zake za kusimamia klasta, Serf na Consul, inaongeza mbio: kila milisekunde 200 inazipelekea mashine tatu habari mpya. Mmoja akiwaambia watatu wanakuwa wanne, wanne wanakuwa 16, halafu 64, 256, 1,024. Wengine wanaambiwa jambo wanalolijua tayari, kwa hiyo mizunguko inazidi kidogo hiyo mitano, lakini ndani ya kama sekunde mbili mtaa mzima umesikia.

Na B mwenyewe anasikia. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kila mashine ina namba yake ambayo yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuipandisha. Umbea unasema, B anashukiwa, namba 5. B akiusikia anajibu: mimi ni hai, namba 6. Namba kubwa inafuta ndogo, hata kama habari ya zamani itamfikia mtu kwa kuchelewa. Muda ukiisha B hajajibu, ndipo anatangazwa kufa na kuondolewa kwenye orodha.

Sasa niwaambie kilichonifundisha mimi. Mahali nilipowahi kufanya kazi, kila usiku mashine mbili tatu zilitangazwa kufa, halafu zikarudi dakika hiyohiyo. Tulizikagua mpaka tukachoka: kumbukumbu nzima, diski nzima, mtandao safi. Kila usiku walikuwa marehemu wapya. Tulikuwa tunapima waliozushiwa kifo, na hakuna aliyekwenda kumtazama mzushi. Logi ya mashine moja ilikuwa imejaa mistari hii:

```
[INFO] memberlist: Suspect db-14 has failed, no acks received
```

Na kwa db-14 yenyewe, wakati huohuo:

```
[WARN] memberlist: Refuting a suspect message (from: batch-3)
```

Soma jina lililo kwenye mabano. Ilikuwa batch-3 usiku baada ya usiku. Mashine hiyo ilikuwa ikibana nakala za akiba saa ile, na prosesa yake yote ilikwenda huko. Maitikio yalifika kwa wakati, yakakaa mlangoni, programu haikupata nafasi ya kuyasoma. Ikaona kila aliyepigiwa hodi yu kimya. Kibaya zaidi, hata ule ujumbe wa „mimi ni hai, namba 6” uliifikia ukasubiri foleni hiyohiyo, na muda wa kushuku ukaisha.

Mwaka 2017 wahandisi wa HashiCorp walieleza dawa yake, wakaiita Lifeguard. Dawa ya kwanza ni kujishuku mwenyewe. Mashine ikiona hodi zake hazijibiwi inajiongezea alama ya ugonjwa, na kadiri alama inavyopanda inangoja muda mrefu zaidi, hadi mara 8, kabla ya kumsema mwenzake. Hodi zikianza kujibiwa, alama inashuka.

Dawa ya pili iko kwenye muda wa kushuku. Kwa mashine 1,000 na mipangilio ya kawaida ya memberlist, shutuma ya mtu mmoja inapewa sekunde 72. Shahidi wa pili, aliyepiga hodi yake mwenyewe na kukosa jibu, akijitokeza, muda unashuka hadi karibu sekunde 34. Akija wa tatu, ni 12. Maiti ya kweli inapata mashahidi haraka, maana kwa wastani kila sekunde kuna mtu anayebisha mlango wake. Mzushi mgonjwa anabaki peke yake, na aliyezushiwa ana zaidi ya dakika ya kujibu.

Kwa hiyo mkiona mashine inakufa na kufufuka, kusanyeni mistari ya `Refuting` kutoka mashine zote mhesabu jina la mshtaki. Likijirudia jina moja, nendeni kwake. Yakiwa majina mengi tofauti na mshtakiwa ni yuleyule, basi mgonjwa ni mshtakiwa.

Kuna hali moja ambayo hesabu hiyo haisaidii. Mtandao ukikatika katikati, 600 huku na 400 kule, kila upande utapata mashahidi wote inaowataka na kutangaza upande wa pili umekufa. Umbea hauwezi kuamua nani abaki na haki ya kuandika data. Ndiyo maana Consul inautumia kujua nani yupo tu, na maamuzi ya data inayaacha kwa seva zake chache zinazopiga kura kwa itifaki ya Raft, ambako bila wingi wa kura hakuna kinachoandikwa.